Blenda ya dola 7: faida inavyoishia njiani kati ya Guangzhou na Nairobi

*"Kaka, habari ya kazi. Niko Umoja, nimeajiriwa dukani na nimeweka akiba ya shilingi 40,000. Nataka kuanza dropshipingi ya zile blenda ndogo za kuchaji. Kule AliExpress nimeziona kwa dola 7, na hapa watu wanaziuza 2,500. Kwa hesabu yangu napata zaidi ya 1,500 kwa kila moja bila kuweka stoo. Mbona basi nasikia watu wanaacha baada ya miezi michache? Na mzigo ukichelewa, hasara ni ya nani?"*

Hasara ni yako, dada, hata kama aliyechelewa ni mwenye ghala aliye China. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linalojibu lile la kwanza. Kazi yangu ni kutunza hesabu za wauzaji wadogo wa mtandaoni hapa Nairobi. Kwenye vitabu vyao sijaona faida ndogo na kuchelewa kwa mzigo vikiwa mambo mawili. Kila siku mzigo unapochelewa, kipande fulani cha faida kinakatwa, na faida yenyewe tangu mwanzo haikuwa ile 1,500 unayoiona.

Tuanze na jinsi biashara yenyewe inavyokwenda. Kuna watu watatu. Wewe unaweka picha ya blenda kwenye ukurasa wako na bei yako. Mteja anaagiza na kulipa kwa bei hiyo. Wewe unachukua oda yake na kuipeleka kwa msambazaji, unamlipa bei yake, naye anafunga kifurushi kwa jina na anwani ya mteja wako na kukituma. Kilichobaki katikati ni chako. Wenye duka la Shopify hutumia programu kama DSers, ambayo huhamisha oda hadi AliExpress bila kuandika upya kila kitu, lakini hatua ni zile zile. Ulichoondolewa ni gharama ya kununua mzigo mapema na kuuhifadhi. Kumtafuta mteja, kupokea fedha zake na kujibu kila kinachoharibika vimebaki kwako vyote. Mteja hamjui mtu wa Guangzhou. Alimlipa mwenye ukurasa, na mwenye ukurasa ndiye atakayempigia simu saa nne usiku.

Mpango huo ulitengenezwa kwa nchi ambako kila nyumba ina namba, tarishi anafika mlangoni, na watu wamezoea kulipa kwa kadi kabla ya kuona bidhaa. Ukiuleta Nairobi unapinda mahali pawili.

Kwanza ni anwani na kodi. Mteja wako wa Pipeline au Githurai hana anwani ya mlangoni ambayo kifurushi cha kutoka China kinaweza kuifuata. Kikija kwa posta, kitasubiri ofisini hadi mtu aende kukichukua, na hapo afisa wa KRA anaweza kukikagua na kukitoza kodi. Kikija kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi, nayo itadai kodi kabla ya kukiachilia. Vyombo vingi vya nyumbani vilivyokamilika hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya jumla, na ada nyingine ndogo ndogo za uingizaji. Mteja aliyelipa 2,500 akiambiwa aongeze mia kadhaa ndipo apewe mali yake, hatakuelewa hata ukimweleza kwa upole wa aina gani.

Pili ni imani. Watu wa mji huu wameshatapeliwa mara nyingi na kurasa zinazochukua pesa na kutoweka, kwa hiyo sasa wanataka kulipa wakipokea. Ukisisitiza walipe kwanza kwenye Till yako, utapata oda chache mno, hasa kama ukurasa wako ni mpya.

Kwa sababu hizo mbili, wengi hapa huishia kwenye njia hii: oda ikiingia, wananunua kule China kwa fedha zao, msambazaji anapeleka mzigo kwenye ghala la wakala wa mizigo aliye Guangzhou, wakala anausafirisha kwa ndege pamoja na mizigo ya watu wengine, unashuka Nairobi, unachukuliwa ofisini kwake, halafu bodaboda anaupeleka kwa mteja, ambaye hulipa kwa M-Pesa akiwa ameushika mkononi. Ona kilichotokea hapo. Ulisema utauza bila kuweka stoo, na ni kweli stoo huna, lakini mtaji umetoka mfukoni mwako wiki tatu au nne kabla ya mteja kulipa.

Sasa tufanye hesabu ya blenda moja. Bei za usafiri na za matangazo hubadilika, kwa hiyo chukua namba zangu kama mfano na uweke zako pale unapopata zako. Dola 7 kwa kiwango cha shilingi 130 ni 910. Kisha usafiri. Mawakala wa mizigo hutoza kwa kilo, na wengi hutaja bei ambayo tayari ina kodi ndani yake. Lakini kilo inayohesabiwa siyo lazima iwe ile ya mizani. Kwa mizigo ya ndege hupimwa pia nafasi ambayo boksi linachukua: urefu × upana × kimo kwa sentimita, ukigawanya kwa 6,000 (wengine hugawanya kwa 5,000, uliza kabla). Kati ya uzito wa mizani na huo wa nafasi, utalipishwa ule mkubwa. Blenda yako inaweza kuwa na uzito wa nusu kilo hivi, lakini boksi lake la sentimita 25 kwa 12 kwa 12 linahesabiwa kuwa kilo 0.6. Tuseme kilo moja ni shilingi 1,300. Usafiri ni 780. Blenda imefika Nairobi kwa 1,690.

Kwenye 2,500 umebaki na 810. Bodaboda wa kuipeleka mjini tumpe 250, maana matangazo ya washindani wako yote yanasema usafiri ni bure. Tangazo la Facebook na Instagram tuliweke 300 kwa kila oda unayoipata. Ada za M-Pesa, mfuko wa kufungia na simu za kuthibitisha, 40. Kinachobaki ni shilingi 220. Ndiyo faida yako halisi, chini ya senti kumi kwa kila shilingi ya mauzo, na hiyo ni pale ambapo kila kitu kimeenda sawa na kila mteja amepokea.

Mauzo yakizidi milioni moja kwa mwaka, ambayo kwa bei hii ni blenda 400, unaingia kwenye ile kodi ya mauzo ya KRA ambayo tangu 2023 ni asilimia 3. Kodi hii haiangalii faida. Inakatwa kwenye mauzo yote, kwa hiyo kwa kila blenda ni shilingi 75 kutoka kwenye zile 220. Mwenye faida ya elfu moja kwa kila kifaa haisikii sana. Wewe itakuchukulia thuluthi nzima.

Kwa nini faida ni nyembamba hivyo? Wengi hudhani ni bahati mbaya ya bidhaa fulani, wakaruka kwenda kwenye taa za ukutani, kisha kwenye mikanda ya kunyoosha mgongo, na kila mahali wanakuta 220 ile ile. Sababu iko kwenye mpango wenyewe. Anayepata sehemu nono katika biashara ya bidhaa ni yule aliyebeba mzigo: aliyenunua vipande elfu, akalipia ghala, akakubali kwamba visipouzwa vitamlalia. Wewe umeomba usibebe hilo, na msambazaji amekubali, ila amekuuzia kwa bei ya mnunuzi wa kipande kimoja. Ile dola 7 ni bei ya rejareja ya China. Anayenunua mia kwa pamoja hailipi.

Halafu kuna mshindani. Picha unayotumia wewe ni ya msambazaji, na video pia ni yake, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzichukua leo jioni. Mkiwa wauzaji ishirini mnauza blenda ile ile kwa video ile ile, mteja ana kitu kimoja tu cha kuwatofautisha, nacho ni bei. Na hata mkikubaliana msishushe bei, faida bado itawatoka kwa mlango mwingine. Nafasi za matangazo kwenye Facebook na Instagram huuzwa kwa mnada. Mfumo unawauliza nyote mko tayari kulipa kiasi gani ili mwanamke wa miaka 28 anayeishi Nairobi aione blenda yenu. Mwenye faida ya 500 anaweza kupanda hadi 400 na bado akabakiwa na mia. Mwingine naye anapanda. Mnaendelea hivyo hadi karibu faida yote ihamie kwenye gharama ya tangazo. Ndiyo maana muuzaji anaona wiki ya kwanza tangazo linamgharimu 150 kwa oda, na wiki ya tano, video ikishatapakaa, linamgharimu 400. Si kwamba amekosea kubonyeza mahali. Wenzake wamefika.

Sasa uweke kuchelewa juu ya hizo 220.

Chukua oda kumi. Wateja wote kumi wakipokea, una 2,200. Lakini mteja akikataa mlangoni, hupotezi 220 tu. Tangazo la 300 limeshalipwa, simu na mfuko vimeshakula 40 zao, na bodaboda amekwenda na kurudi, tuseme 360 kwa safari zote mbili. Hiyo ni 700 imepotea kabisa, na blenda ya 1,690 imerudi kukaa chini ya kitanda chako. Wakikataa wawili kati ya kumi, wanane wamekupa 1,760 na wawili wamekula 1,400. Umebaki na 360 kwa oda zote kumi. Wakikataa watatu, saba wamekupa 1,540 na watatu wamekula 2,100. Uko chini kwa 560. Biashara yako yote inaning'inia kwenye tofauti ya mteja wa pili na wa tatu.

Kinachomfanya mteja wa tatu akatae mara nyingi ni muda. Mtu aliyeona video ya blenda Jumamosi usiku aliitaka Jumamosi usiku. Ukimfikishia Jumatatu, bado ile hamu ipo. Ukimpigia baada ya siku 24, atakuuliza ni blenda gani. Wengine wameshanunua dukani Tom Mboya walipokuwa wakipita. Wengine waliagiza kwa wauzaji wawili ili wachukue wa kwanza kufika. Na kuna jambo la mji wetu ambalo wasemaji wa video za TikTok hawaligusi, kwa kuwa hesabu zao ni za nchi nyingine: oda nyingi huingia mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa umetua. Oda ya tarehe 28 ikichukua siku 24 inafika tarehe 21 au 22, wakati ambapo mfuko umekauka na mtu anahesabu nauli ya kumfikisha kazini. Hata mteja mwaminifu kabisa atakuambia, "Leta mwisho wa mwezi." Wewe umeshalipia mzigo, na msambazaji wa China hakusubiri mshahara wa mtu.

Siku hizo 24 zinatoka wapi? Tuzifuate. Msambazaji huchukua siku mbili hadi tano kuutoa mzigo. Hapa kuna mtego unaopaswa kuujua. AliExpress humpa muuzaji muda wa mwisho wa kutuma, na wengine, ili wasipite muda huo, hutengeneza namba ya kufuatilia mzigo kabla mzigo wenyewe haujatoka. Utaona umepewa namba, utamtumia mteja kwa furaha, lakini ukiifungua inasema tu kwamba taarifa zimepokelewa. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba kifurushi kimechukuliwa. Ukipita siku tano bila alama ya kwanza ya kupokelewa na msafirishaji, ujue blenda bado iko kwenye rafu, au haipo kabisa na anaitafuta kwa mwingine. Usimwambie mteja "imeshatumwa" kwa sababu ya namba peke yake.

Kutoka kwa msambazaji hadi ghala la wakala Guangzhou ni siku mbili hadi nne, kutegemea mji alipo. Kisha inasubiri shehena ijae na ndege ipatikane. Na blenda yako ina tatizo la ziada ambalo taa ya ukutani ya umeme haina: ndani yake kuna betri ya lithiamu. Betri hizo zikipata hitilafu huwaka moto, na kwa sababu hiyo mashirika ya ndege huziweka kwenye kundi la mizigo ya hatari. Kifaa chenye betri ya kuchaji ndani kina namba yake, UN 3481, na kinahitaji karatasi za usalama na ufungaji maalumu. Njia nyingi za kawaida za posta hazikipokei. Mawakala huwa na safari za peke yake kwa mizigo yenye betri, zenye bei ya juu kwa kilo na ratiba ya pole pole zaidi. Msambazaji akiandika kwenye karatasi kwamba ni chombo cha jikoni bila kutaja betri, mzigo hunaswa kwenye mashine ya ukaguzi na kurudishwa ghalani, na hapo siku kumi zinaweza kupotea bila mtu kukuambia. Kabla hujarusha tangazo lolote, muulize wakala swali hili kwa maneno haya haya: mzigo wenye betri unaondoka siku zipi, na kilo ni bei gani? Akikujibu bei ile ile ya nguo, hajakusikia vizuri.

Juu ya hayo kuna kalenda ya Wachina. Mwaka mpya wao huhama; 2025 uliangukia tarehe 29 Januari na 2026 tarehe 17 Februari. Sikukuu yenyewe ni ya siku chache, lakini wafanyakazi wa viwanda husafiri kwenda makwao mapema na hurudi kidogo kidogo, kwa hiyo kwa wiki tatu au nne mambo huwa mazito. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo ni likizo ya taifa. Na mauzo ya tarehe 11 Novemba hujaza maghala hadi mzigo mdogo kama wako unawekwa pembeni. Kurasa za bidhaa zitaendelea kuonyesha muda ule ule wa usafiri kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Turudi kwenye 40,000 zako. Kila oda inafunga 1,690 za mzigo na 300 za tangazo, karibu 2,000. Una uwezo wa oda 20, basi. Baada ya hapo ukurasa unasimama, hata kama wateja wanakugongea, mpaka mzigo wa kwanza ufike na ulipwe. Wakipokea wote 20, siku 25 za kazi zimekupa 4,400. Wakikataa wanne, zimekupa 720, na blenda nne zenye thamani ya 6,760 zimekulalia. Hao uliosikia wameacha baada ya miezi michache hawakuwa wavivu. Nimeviona vitabu vya baadhi yao, na kitu kinachojitokeza ni kwamba mauzo yalikuwa yanaongezeka huku pesa taslimu ikipungua, na wao walikuwa wakiangalia mauzo.

Wapo wanaotatua hili kwa kumwomba mteja alipe kwanza, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Fedha ya mteja ambaye hajapokea mali si mauzo. Ni deni. Mwaka jana nilikaa na kijana mmoja wa hapa mjini aliyekuwa amepokea malipo kamili ya oda 60 za kifaa kingine, akatumia sehemu ya hizo fedha kununua matangazo zaidi, halafu msambazaji akaishiwa bidhaa. Wateja walipoanza kudai, alichokuwa nacho kwenye simu hakikufika nusu ya deni. Alilipa kwa mkopo wa simu, mmoja mmoja, na ukurasa wake ukajaa maneno ya mwizi kwa sababu ya uzembe wa mtu ambaye hajawahi kumwona. Sheria nayo iko upande wa mteja: Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamruhusu mnunuzi kuvunja makubaliano na kudai chake pale mali isipofika ndani ya siku 30 baada ya tarehe aliyoahidiwa. Kwa hiyo ukichukua malipo kabla, yaweke kando kwenye laini nyingine na usiyaguse isipokuwa kumlipa msambazaji wa oda hiyo hiyo.

Mimi ningekushauri uache China kwa sasa na ufanye dropshipingi hii hii na muuzaji wa jumla wa hapa hapa. Blenda hizo zipo Luthuli, zipo Kamukunji, zipo Eastleigh. Wenye maduka hayo wameshaleta kwa katoni, wameshalipa kodi, na wengi wako tayari mtu apige picha na kuuza huku mali ikiwa kwao. Tuseme anakuachia kwa 1,700. Toa 1,700, bodaboda 250, tangazo 300 na zile 40 kwenye 2,500, na utabaki na 210. Utaona ni shilingi kumi pungufu ya ile ya China, na wengi hapo ndipo wanaponiuliza faida iko wapi.

Iko kwenye muda. Oda ya saa nne asubuhi inafika saa tisa alasiri, na jioni fedha yako imerudi na iko tayari kwa oda nyingine. Zile 40,000 ambazo zingefungwa kwa siku 25 zinaweza kuzunguka mara kadhaa kwa wiki, na kizuizi chako kinakuwa idadi ya wateja unaoweza kuwapata. Wanaokataa wanapungua kwa sababu hamu haijapoa na mshahara haujaisha. Na yule anayekataa, ukiwa umekubaliana vizuri na mwenye duka, blenda inarudi kwenye rafu yake badala ya kulala kwako. Utapoteza tangazo na bodaboda. Mtaji wa kifaa haukwami.

Njia hii ina maumivu yake. Mteja anaweza kushuka Luthuli mwenyewe, kwa hiyo unaowauzia kweli ni walio mbali na mjini au wasio na nafasi: mtu wa Ruaka, wa Kitengela, mama mwenye mtoto mchanga. Matangazo yako yaelekeze huko. Mwenye duka naye atakuambia mali ipo wakati imebaki moja. Mpigie kila asubuhi kabla ya kuwasha tangazo, na uwe na maduka mawili kwa bidhaa moja. Baadhi huweka kadi yao ndani ya boksi ili mteja arudi kwao moja kwa moja. Hilo limalizeni mapema, na mwambie bodaboda afungue mfuko mbele yako siku za mwanzo.

Kama bado moyo uko kwa China, basi jaribu msambazaji kabla hujamjaribisha kwa mteja. Nunua blenda moja ya kwako mwenyewe, na uandike tarehe nne: uliyolipa, ya alama ya kwanza ya msafirishaji, ya kufika kwa wakala Guangzhou, na ya kuishika mkononi. Wiki mbili baadaye nunua nyingine, kisha nyingine. Ukipata siku 19, 22 na 31, usimwahidi mteja wastani wa siku 24. Mwahidi 31, uongeze kidogo, maana wastani una maana kwamba karibu nusu ya wateja wako watasubiri zaidi ya ulichowaambia. Ukiona kwamba kwa ahadi ya siku 35 hakuna anayeagiza, umepata jibu kuhusu bidhaa hiyo kwa bei ya blenda tatu.

Na hata kwa njia ya hapa, dai shilingi 300 za kuthibitisha oda kwenye Till kabla bodaboda hajatoka, zikatwe kwenye bei mteja akipokea. Oda zitapungua, na hilo lisikutishe. Watakaokuacha hapo wengi ni wale ambao wangekukatalia mlangoni. Mwandikie mapema kwamba akikataa bila kosa la bidhaa hazirudi, ila ukichelewa wewe anarudishiwa siku hiyo hiyo.

Anza na 10,000, zile 30,000 ziache zilipo. Fanya oda 30 za hapa mjini na uandike waliokataa na sababu zao. Ikiwa blenda inauzika na anayekataa ni mmoja kwa kumi au chini yake, hapo ndipo unaweza kuchukua zile 30,000 na kuagiza blenda ishirini kwa pamoja kutoka kwa wakala, kwa bei ya jumla. Muuzaji wa dola 7 kwa moja anaweza kukubali dola 5 kwa ishirini, na kwa usafiri ule ule kila moja itakufikia kwa 1,430 badala ya 1,690. Utakuwa umeweka stoo, ndiyo, lakini 220 itakuwa imekuwa 480, na mzigo ukichelewa hakuna mteja anayekusubiri.